Uso Hauna Tarehe ya Kuzaliwa



Tarehe 25 Julai 2025, Sheria ya Usalama Mtandaoni ya Uingereza, iliyopitishwa mwaka 2023, ilianza kuuma. Tovuti za picha za ngono, pamoja na mitandao mingine yenye mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona, zilitakiwa kuhakiki umri wa kila anayeingia. Ile desturi ya kumwuliza mtu "je, umetimiza miaka 18?" na kuamini jibu lake ikafutwa. Mojawapo ya njia zilizoenea haraka, kwa kuwa haidai karatasi yoyote, ni ya kujipiga selfi. Unaitazama kamera ya simu, unafungua mdomo au kugeuza shingo kidogo kama unavyoelekezwa, na baada ya sekunde chache unaambiwa pita, au unaambiwa bado.

Siku chache hazikupita kabla ya wacheza michezo ya kompyuta kugundua ufa. Katika mchezo uitwao Death Stranding kuna mhusika mwenye ndevu, aliyechongwa kwa sura ya mwigizaji Norman Reedus, na mchezo huo una sehemu ya kupiga picha ambamo mchezaji anaweza kumbadilisha mhusika sura atakavyo. Watu wakaielekeza simu kwenye skrini, wakamfungua mhusika mdomo pale mtandao wa Discord ulipodai mdomo ufunguliwe, na mfumo ukaridhika kwamba mbele yake yuko mtu mzima.

Kisa hicho kilichekesha wengi, na nitakigusa tena baadaye kidogo. Ila kosa la namna hiyo lina dawa, na wahandisi wanaitafuta. Ninalotaka tulikalie leo ni kosa jingine, lile linalotokea wakati kamera ni safi, uso ni wa kweli, na mwenye uso hana hila yoyote. Hilo ndilo halijulikani kwa wengi, na ndilo linaloamua kama chombo hiki kinafaa kazi tunayokipa.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachofanyika. Kukadiria umri si kumtambua mtu. Mfumo unaotambua hulinganisha uso wako na uso uliohifadhiwa na kuuliza kama ni wa mtu mmoja. Mfumo wa umri haukulinganishi na mtu yeyote. Unapokea picha, unautafuta uso ndani yake, unauweka wima kwa kufuata macho, pua na pembe za mdomo, kisha unaukata kuwa kipande kidogo cha pikseli, mara nyingi mia moja au mia mbili na ushei kila upande. Kipande hicho hupitishwa katika mtandao wa nyuroni, yaani programu iliyofundishwa kwa nyuso nyingi ambazo umri wake ulikuwa umeandikwa pembeni. Kwa hiyo programu haijui lolote kuhusu umri. Imejifunza tu kwamba nyuso za namna hii, katika picha ilizoonyeshwa, mara nyingi ziliambatana na namba fulani.

Mfano mzuri wa kuona ndani ya mashine ni kazi ya watafiti watatu wa chuo cha ETH Zurich, Rothe, Timofte na Van Gool, ya mwaka 2015. Mfumo wao, DEX, haukutema namba moja. Uligawa imani yake kwa kila umri kuanzia 0 hadi 100, kisha ukatafuta wastani. Tuseme umeona uso wa kijana na kusema: asilimia 10 kwamba ana miaka 15, asilimia 20 kwamba ana 16, asilimia 30 kwa 17, asilimia 25 kwa 18 na asilimia 15 kwa 19. Ukizidisha kila umri kwa fungu lake na kujumlisha, unapata 17.15. Mlinda mlango wa tovuti hupewa hiyo 17.15, namba inayoonekana imepimwa kwa rula. Kilichofichika ni kwamba mfumo huohuo uliona uwezekano wa asilimia 40 kwamba kijana huyo amefika miaka 18 au zaidi.

Jambo jingine kuhusu DEX linanivutia. Watafiti hao walikusanya picha zaidi ya laki tano kutoka tovuti ya filamu ya IMDb na kutoka Wikipedia, wakapata umri kwa kutoa mwaka wa kuzaliwa katika mwaka wa picha. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya nyuso hizo ni za waigizaji: watu waliopakwa poda, waliowekewa taa, na ambao kazi yao yenyewe ni kutoonyesha umri wao. Na shindano la kimataifa ambalo DEX ilishinda mwaka huohuo halikuuliza mtu ana umri gani. Liliuliza anaonekana wa umri gani, na jibu sahihi lilikuwa wastani wa makisio ya watu walioonyeshwa picha. Kampuni za leo zina picha nyingi zaidi na bora zaidi, lakini mpaka huo haujaondoka: picha ina habari za mwonekano, na tarehe ya kuzaliwa haimo.

Kwa nini mwonekano usitoshe? Uso wa mtoto hubadilika haraka kwa sababu mifupa inakua. Taya hurefuka, pua huinuka, macho yaliyokuwa makubwa usoni huonekana kupungua. Kwa hiyo mashine hutofautisha mtoto wa miaka 6 na wa 12 bila taabu kubwa. Kuanzia miaka ya ishirini na kuendelea, mifupa imetulia na ngozi ndiyo inayosema, polepole, kupitia mikunjo na kulegea. Katikati ya vipindi hivyo viwili, kati ya miaka 13 na 20, anayetawala uso ni balehe, na balehe haina kalenda moja. Wapo mabinti waliomaliza kukua wakiwa na miaka 14, na wapo wavulana wa miaka 18 ambao kidevu hakijaota unywele. Konda wa daladala anayelijua hilo hutazama sare na kitambulisho cha shule kabla ya kukubali nauli ya mwanafunzi. Uso wa abiria hauamini. Bahati mbaya ni kwamba mipaka ambayo sheria zinaijali, miaka 13, 16 na 18, yote imeangukia ndani ya kipindi hicho cha vurugu.

Basi makosa ni makubwa kiasi gani? Chanzo ninachokiamini zaidi ni Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, kwa sababu haiuzi programu yoyote. Mei 2024 ilichapisha matokeo ya kupima programu sita za kampuni mbalimbali, kwa kutumia picha zipatazo milioni 11.5 kutoka katika kumbukumbu za serikali: za maombi ya viza, za mpakani, za maombi ya uhamiaji na za watu waliokamatwa na polisi. Mara ya mwisho ilikuwa imepima mwaka 2014. Katika picha za viza, wastani wa kosa wa programu bora ulishuka kutoka miaka 4.3 hadi 3.1. Hayo ni maendeleo ya kweli kwa miaka kumi, na ni vizuri kuyakiri. Lakini NIST iliona pia kwamba hakuna programu moja iliyoongoza kila mahali, kwamba matokeo hubadilika kwa ubora wa picha, kwa jinsia, kwa eneo alikozaliwa mtu na kwa umri wenyewe, na kwamba karibu kila mara nyuso za wanawake zilikosewa zaidi ya za wanaume. Nao wachambuzi wa NIST walitumia picha rasmi. Picha ya viza imepigwa mtu akiwa ameketi sawasawa mbele ya ukuta mweupe. Selfi hupigwa kitandani usiku, kwa mwanga wa skrini, na simu ambayo hulainisha ngozi yenyewe bila kuombwa.

Sasa tuichukue ile namba 3.1 tuone inafanya nini mlangoni. Naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo. Nitachukulia kwamba makosa yametawanyika kwa umbo la kengele, yaani madogo ni mengi na makubwa ni machache, na hayaegemei upande wowote. Hapo wastani wa kosa wa miaka 3.1 una maana ya mtawanyiko wa karibu miaka 4. Hali halisi ni chafu zaidi kuliko kengele yangu, kwa kuwa mifumo mingi ikikosa uhakika huvutwa katikati, watoto wakaongezewa miaka na wazee wakapunguziwa, lakini kengele inatosha kuonyesha umbo la tatizo.

Kijana wa miaka 16 anafika kwenye tovuti ya watu wazima, na kizingiti kimewekwa miaka 18. Ili apite, mfumo unatakiwa umzidishie miaka miwili tu, yaani nusu ya mtawanyiko. Katika kila vijana 100 wa umri wake, 31 hivi watapita, bila barakoa na bila hila. Hakuna mdhibiti atakayekubali mlango wa namna hiyo. Kwa hiyo kampuni hufanya kile ambacho maduka ya pombe ya Uingereza hufanya siku zote: hupandisha kizingiti. Dukani, mteja anayeonekana chini ya miaka 25 huombwa kitambulisho ingawa sheria inasema 18. Tukiweka mashine yetu miaka 25, kijana wa miaka 16 sasa anahitaji kuzidishiwa miaka tisa, na ni mmoja hivi katika 100 atakayepita. Tatizo limekwisha?

Halikwisha, limehamia kwa jirani. Mchukueni mtu wa miaka 19, ambaye kisheria ana haki kamili ya kuingia. Naye mfumo unatakiwa umwongezee miaka sita ndipo apite. Watu kama 93 katika kila 100 wa umri wake watakataliwa na kuambiwa walete kitambulisho. Wa miaka 25 kamili watakwama nusu yao, na hata wa miaka 30 bado 11 hivi katika kila 100 watazuiwa. Kila hatua ya kuwazuia watoto zaidi inalipwa na watu wazima vijana, na hakuna mahali pa kuweka kizingiti ambapo pande zote mbili zinapona. Kampuni ya Yoti ya Uingereza, mojawapo ya zile sita zilizopimwa na NIST, hutangaza wastani wa kosa wa mwaka mmoja na ushei kwa vijana wa miaka 13 hadi 17. Tuwaamini kabisa, tuseme mtawanyiko ni mwaka mmoja na nusu. Bado kijana wa miaka 17 akikutana na kizingiti cha 18, mmoja kati ya wanne atapita. Mashine bora inaufanya ukanda wa mashaka kuwa mwembamba, na watu wa miaka 16, 17, 18 na 19 wanabaki humohumo ndani.

Australia wamelionja hili kwa upande mwingine. Sheria yao inayowazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii ilianza kazi tarehe 10 Desemba 2025, na kampuni isiyochukua hatua za kutosha inaweza kutozwa hadi dola milioni 49.5 za Australia. Kabla ya hapo serikali ilifadhili majaribio ya teknolojia za umri. Shirika la utangazaji la ABC liliripoti Juni 2025 kwamba, katika matokeo ya awali, makadirio ya uso yaliangukia ndani ya miezi 18 ya umri halisi katika asilimia 85 ya majaribio, na kwamba wapo watoto wa miaka 15 waliokadiriwa kuwa na miaka ya ishirini na hata thelathini. Ukisoma asilimia 85 haraka utaipigia makofi. Isome tena ukiwa umekaa upande wa wale 15 waliobaki, na ukikumbuka kwamba mpaka wa miaka 16 hauna nafasi ya miezi 18 ya kuchezea.

Na pale uso unaposhindwa, ni nini kinafuata? Hapa ndipo sifa kubwa ya njia hii inapoanza kupungua. Wauzaji husema, na katika mifumo iliyotengenezwa vizuri ni kweli, kwamba selfi hufutwa mara tu umri unapokadiriwa, na mingine hukadiria ndani ya simu yenyewe bila picha kwenda kwenye seva. Faragha inalindwa. Lakini aliyekataliwa hupelekwa kwenye njia ya pili, na njia ya pili kwa kawaida ni picha ya kitambulisho. Oktoba 2025 Discord ilitangaza kwamba wavamizi walipata data kupitia kampuni ya nje iliyokuwa ikiisaidia kuhudumia wateja, na kwamba huenda picha za vitambulisho vya serikali za watumiaji wapatao 70,000 zilionekana. Picha hizo zilikuwa zimetumwa katika rufaa kuhusu umri. Kwa maneno mengine, walioathirika ni sehemu ya ule ukanda wa mashaka tuliouhesabu sasa hivi.

Nilisema nitamgusa tena yule mhusika wa mchezo. Dhidi yake mifumo huwa na kipimo cha uhai: huomba kichwa kigeuke, hutazama jinsi mwanga unavyocheza kwenye ngozi, hutafuta alama za skrini iliyopigwa picha. Kuna kiwango cha kimataifa cha kupima uwezo huo. Udanganyifu mgumu zaidi hauonyeshi kamera kitu chochote. Hutumia programu inayojifanya kamera na kuingiza video moja kwa moja ndani ya kifaa. Halafu kuna njia isiyohitaji ufundi wowote, ambayo ni kumwita kaka mkubwa aweke uso wake. Mfumo utamkadiria kaka kwa usahihi kabisa. Na wapo waliokwepa swali lenyewe, kwani baada ya ile Julai programu za VPN zilipanda hadi kileleni mwa orodha za kupakuliwa Uingereza, ili simu ionekane iko nchi nyingine.

Kuna suala la kujaribu tena na tena pia. Kosa la mashine lina sehemu mbili. Moja imefungwa usoni mwako: kama unaonekana mkubwa, utaonekana mkubwa kesho. Nyingine hutegemea picha, yaani pembe, taa na miwani, nayo hubadilika kila ukibonyeza. Mtoto anayeruhusiwa kujaribu mara nyingi anaichuma hiyo sehemu ya pili mpaka apate picha iliyomwongezea miaka. Mfumo usiohesabu majaribio una kosa kubwa kuliko lile lililoandikwa kwenye jedwali lake, na hilo ni swali la kwanza ambalo ningemwuliza muuzaji.

Haya yote yangekuwa mambo ya ng'ambo kama michezo ya watoto wetu ingekuwa na mipaka ya nchi. Januari 2026 mtandao wa michezo wa Roblox ulieneza duniani sharti kwamba anayetaka kuchati akadiriwe umri kwa uso, kisha apangwe katika rika: chini ya miaka 9, 9 hadi 12, 13 hadi 15, 16 na 17, 18 hadi 20, na 21 kwenda juu. Mtazame upana wa rika hizo, kisha mkumbuke upana wa kosa. Rika la 16 na 17 ni la miaka miwili tu. Na hapa kosa linauma pande zote mbili, kwa kuwa mtu mzima akipunguziwa miaka huwekwa kuzungumza na watoto. Katika wiki za kwanza viliripotiwa visa vya watu wazima waliowekwa na vijana, vya watoto waliojichora ndevu na mikunjo kwa kalamu, na vya akaunti zilizokwisha kuhakikiwa zikiuzwa mtandaoni.

Anayekosewa huko Ulaya mara nyingi ana pasipoti au leseni ya kujitetea. Hapa kwetu kitambulisho cha NIDA hutolewa kuanzia miaka 18, na cha taifa cha Kenya vilevile. Kijana wa Tandale au Kisauni mwenye miaka 16, aliyekadiriwa kuwa na 13 au 25, hana kadi ya taifa ya kuonyesha. Ana cheti cha kuzaliwa kisicho na picha, kama anacho. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 33, tayari inamtaka anayechakata data za mtoto awe na utaratibu wa kuhakiki umri na wa kupata ridhaa ya mzazi, bila kumlazimisha kutumia uso. Hapo ndipo muuzaji ataingia na tarakilishi yake na grafu nzuri.

Rai yangu ni hii. Makadirio ya uso yanafaa kutenganisha walio mbali na mpaka: mtoto wa miaka 9 asijifanye mwenye 25, na bibi wa miaka 50 asidaiwe kitambulisho. Kwa kazi hiyo ningeyakubali leo. Kutenganisha miaka 15 na 16, au 17 na 18, hayawezi, na anayeahidi hivyo anauza asichonacho. Basi wabunge, wadhibiti na walimu mliopo hapa, kabla kanuni yoyote ya Dodoma au Nairobi haijataja selfi, daini kwa maandishi mambo manne: kiwango cha makosa kwa kila umri kuanzia 13 hadi 20, wasichana peke yao na wavulana peke yao, kikipimwa kwa nyuso za Afrika Mashariki na kwa simu za bei ya chini zinazotumika huku, idadi ya majaribio ambayo mtu mmoja anaruhusiwa, njia ya rufaa kwa asiye na kitambulisho, na jina la kampuni itakayoshika picha ya hicho kitambulisho, pamoja na siku itakayoifuta. Asiyeweza kuyajibu yote manne asipewe mkataba.